Wote Wana Asilimia 99: Jinsi ya Kusoma Kimya cha Wanunuzi

Lenzi ilifika siku ya nne, imefungwa vizuri. Niliiinua kwenye mwanga wa dirisha kama anavyofanya kila mtu anayenunua lenzi iliyokwishatumika, nikaona nyuzi nyeupe zimetanda ndani ya kioo kama utando wa buibui. Ukungu. Tangazo lilikuwa limeandika "safi, haina kasoro", na muuzaji alikuwa na asilimia 99.8 ya maoni mazuri. Asilimia hiyo ndiyo iliyonifanya nimchague yeye badala ya wengine watano.

Nikamwandikia. Alijibu kabla saa haijaisha, tena kwa upole: aliniomba radhi, akasema hakuuona ukungu, akaahidi kunirudishia theluthi ya pesa nami nibaki na lenzi. Mwisho wa ujumbe aliongeza, "Naomba tu ukumbuke kwamba tumeelewana, utakapofika wakati wa kuandika maoni." Nilikubali. Pesa ilirudi siku ileile, nami nikafunga ukurasa bila kuandika neno.

Wiki mbili baadaye nilipita tena kwenye ukurasa wake. Bado 99.8. Ilinichoma, kwa sababu safari hii nilijua namba ile imetengenezwaje. Mimi nilikuwa na malalamiko halali, lakini hayakuwa yamehesabiwa popote. Kama wanunuzi kumi kabla yangu walipewa theluthi yao wakanyamaza, basi nilikuwa nimekisoma kimya chao kama sifa.

Tangu hapo nimetumia muda mwingi kuelewa kwa nini karibu kila muuzaji mtandaoni anaonekana malaika, na kama bado inawezekana kuwalinganisha kwa haki. Inawezekana, ila si kwa kutazama namba ile kubwa ya juu.

Mfano uliochunguzwa kuliko yote ni eBay, soko la mtandaoni ambako watu huuziana vitu. Mwanzilishi wake, Pierre Omidyar, aliweka ukurasa wa maoni mwaka 1996, wakati tovuti yenyewe ilikuwa haijatimiza hata miezi sita. Watu wasiofahamiana walikuwa wanatumiana pesa na vitu, na yeye hakuwa na uwezo wa kuamua kila ugomvi. Utaratibu ulikuwa mwepesi: baada ya biashara, kila upande unampa mwenzake alama moja, nzuri, ya kati au mbaya, na maelezo mafupi. Tangu miaka ile ya mwanzo matokeo yalikuwa ya kushangaza. Watafiti Paul Resnick na Richard Zeckhauser walipochambua biashara za mwaka 1999, walikuta maoni ya wanunuzi yalikuwa mazuri kwa asilimia 99.1. Mabaya yalikuwa asilimia 0.6 tu, na ya kati 0.3.

Lakini katika uchambuzi huohuo kuna namba nyingine ambayo watu huipita haraka: ni kama nusu tu ya wanunuzi walioandika chochote. Nusu ya pili haikusema kitu. Kwa hiyo ile 99.1 ni asilimia ya waliosema, na muuzaji anapoionyesha huwezi kujua waliokaa kimya walikuwa na nini moyoni.

Wengine wamejaribu kukadiria. Mwaka 2008 Chrysanthos Dellarocas na Charles Wood walitoa utafiti juu ya biashara za sarafu adimu kwenye eBay. Waliangalia nani aliandika, nani hakuandika, na kila mmoja aliandika lini baada ya mwenzake. Kwa hesabu hizo wakakadiria kwamba wanunuzi ambao hawakuridhika, hata kama ni kidogo, walikuwa kama asilimia 21. Pima mwenyewe umbali uliopo kati ya chini ya asilimia 1 iliyoandikwa na asilimia 21 iliyofichwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na hapa mshindo wenyewe unaweza kupimwa.

Kwa nini asiyeridhika anyamaze? Sababu ya kwanza nimeisimulia: muuzaji humfikia kabla hajaandika, akamrudishia kitu, na mtu muungwana huona vibaya kumchafulia jina mwenzake aliyekwisha kuomba radhi. Sikatai kwamba kurekebisha kosa ni sifa njema ya muuzaji. Tatizo ni kwamba mnunuzi ajaye anahitaji kujua yote mawili, kwamba kosa lilitokea na kwamba lilirekebishwa, na namba haimwambii lolote kati ya hayo.

Sababu ya pili ilikuwa hofu. Kwa miaka mingi kwenye eBay muuzaji naye aliweza kumpa mnunuzi alama mbaya, na wengi walisubiri. Ukimpa nzuri, anakupa nzuri. Ukimpa mbaya, siku hiyohiyo nawe unalipizwa. Mnunuzi mwenye busara aliona bora aache. Mwaka 2008 eBay ilibadilisha kanuni, muuzaji akazuiwa kumpa mnunuzi alama mbaya. Airbnb, ambako mwenyeji na mgeni hupimana, ilichukua njia nyingine mwaka 2014: maoni ya pande zote mbili hufichwa mpaka wote wawe wameandika, au mpaka siku 14 zipite. Hatua zote mbili zilikuwa na maana, na bado alama zilibaki juu, kwa sababu hofu ilikuwa chanzo kimojawapo tu. Utafiti mmoja wa nyumba zilizotangazwa Airbnb ulikuta takriban asilimia 95 zina wastani wa nyota 4.5 au 5. Ukikaa kwa mtu, ukaongea naye, ukanywa maji yake, unaona aibu kumwandikia nyota tatu.

Sababu ya tatu haihusu maoni kabisa, na mimi ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote kuiona. Wauzaji wabovu hawabaki. Luís Cabral na Ali Hortaçsu walifuatilia wauzaji wa eBay kwa muda, wakakuta kwamba muuzaji akipata alama mbaya ya kwanza, mauzo yake ambayo yalikuwa yakikua kama asilimia 5 kwa wiki hugeuka na kuanza kupungua kwa asilimia 8. Walikuta pia kwamba kadiri jina linavyoharibika ndivyo muuzaji anavyozidi kuelekea kuondoka, na kwamba karibu na kuondoka alama mbaya huongezeka. Anayeondoka hutoweka kwenye orodha unayoiona leo. Anaweza kufungua akaunti nyingine, lakini jina la zamani na 94 yake hutalikuta. Unachokiona ni waliosalia. Ni kama kuuliza wazee wa miaka tisini kama maisha ni marefu.

Ukiyaweka pamoja, 99 si ajabu tena, wala haimaanishi kwamba wauzaji wote wanadanganya. Ndivyo kipimo kilivyo: kimesukumwa chote juu, na tofauti zote zimebanwa kwenye ncha moja ndogo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, tulizoea kusema. Kwenye soko ambalo wote wamevaa beji moja, kizuri na kibaya vinakaa rafu moja.

Sasa tuje kwenye kulinganisha.

Jambo la kwanza ni kugeuza namba. Acha kusoma mazuri, soma mabaya. Muuzaji wa 99.6 na wa 98.8 wanaonekana kama mapacha, lakini ukitoa kwenye mia unapata 0.4 na 1.2. Wa pili analalamikiwa mara tatu zaidi. Kwenye kipimo kilichobanwa hivi, tofauti yote inaishi kwenye sehemu iliyobaki kufika mia, nako ndiko jicho linapaswa kwenda. Kumbuka pia kwamba kwenye eBay asilimia ile huhesabiwa kwa maoni ya miezi 12 iliyopita, na maoni ya kati hayaingii kabisa kwenye hesabu. Mtu aliyeandika "kilifika, lakini si kama kwenye picha" akachagua ya kati, hajaigusa ile 99. Maoni ya kati yasome kana kwamba ni mabaya. Mara nyingi ni watu waungwana wanaolalamika kwa sauti ya chini.

Jambo la pili ni wingi. Asilimia 100 ya maoni 38 na asilimia 100 ya maoni 3,000 si kitu kimoja. Kuna kanuni rahisi ambayo wanatakwimu huitumia pale ambapo tukio halijaonekana hata mara moja: chukua 3, gawanya kwa idadi ya waliopimwa, na hapo unapata kiwango cha juu ambacho bado kinaweza kuaminika. Muuzaji mwenye maoni 38 bila baya hata moja bado anaweza kuwa mtu anayewaudhi karibu 8 katika kila 100, maana 3 gawanya kwa 38 ni 0.079, bahati tu haijamfunua. Mwenye maoni 3,000 bila baya, kiwango chake cha juu ni 1 katika 1,000. Kama kuna baya moja, tumia 5 badala ya 3. Kama mabaya ni mengi, tafuta kipeuo cha pili cha idadi yake, kizidishe mara mbili, ujumlishe na idadi hiyo, kisha ugawanye vilevile. Si hesabu kamili, lakini inatosha kwa mtu anayetaka kununua kitu leo.

Nilipotaka lenzi nyingine, aina ileile, niliamua kufanya kazi hiyo kwa kalamu na karatasi. Jukwaa lilinionyesha wauzaji watatu wenye bei zinazokaribiana. Nitawaita A, B na C.

A alikuwa na 99.8: maoni 512 kwa mwaka, baya 1. B alikuwa na 99.1: maoni 3,000, mabaya 27. C alikuwa na 100 safi, maoni 38. Kwa macho, C ndiye wa kwanza na B wa mwisho, na jukwaa lenyewe liliwapanga hivyo nilipochagua kuona waliosifiwa zaidi.

Nikaanza na kanuni ya wingi. C, kama nilivyosema, anaweza kufika 8 katika 100. A ana baya moja, kwa hiyo 5 kwa 512, karibu 1 katika 100. B ana 27. Kipeuo cha pili ni kama 5, mara mbili ni 10, jumla 37 kwa 3,000, yaani 1.2 katika 100. Tayari A na B walikuwa wamekaribiana kiasi kwamba tofauti ya 99.8 na 99.1 haikuwa na uzito niliokuwa nikiipa, na C alikuwa ameshuka mpaka chini kabisa. Sikumdharau C. Mgeni si mwizi, ila hajajulikana.

Kisha nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya: nikatazama wanauza nini. Kando ya kila maoni palikuwa na jina la bidhaa. Nilipitia yote 512 ya A, jioni moja nzima. Vifuniko vya lenzi. Mikanda ya kamera. Vitambaa vya kufutia. Kadi za kumbukumbu. Lenzi zilikuwa 9 tu katika mwaka mzima. Sifa yake ilikuwa imejengwa juu ya vitu ambavyo ni vigumu mno kumkasirisha mtu navyo. Kifuniko kikifika kimefika. Hakina ukungu, hakina kioo cha kukwaruzika, hakina mtambo wa kulenga unaoweza kukwama. Kwa lenzi, A alikuwa muuzaji mwenye maoni 9, na 3 gawanya kwa 9 ni theluthi. Kwa kitu nilichokitaka mimi, sikujua chochote juu yake.

Hapa ndipo naona wanunuzi wengi hudhulumiwa bila mtu yeyote kuvunja kanuni. Jina hujengwa kwa vitu vidogo na kutumika kwenye vitu vikubwa. Kuna wanaofanya hivyo kwa makusudi, wakiuza vitu vya bei ndogo kwa miezi kadhaa kisha ghafla wanatangaza vitu vya thamani. Wengine hawana nia mbaya. Hata jina la mtu kama mnunuzi linaweza kuchanganywa na jina lake kama muuzaji: kwenye eBay zile alama zilizojumlishwa kando ya jina huwa na yale aliyoyapata aliponunua pia, na Cabral na Hortaçsu waliona kwamba wauzaji wengi walianza kama wanunuzi, wakajikusanyia alama kwanza. Kulipa bili kwa wakati ni jambo jema, lakini halikuambii kama mtu anajua kukagua lenzi. Mahali pa kuchuja maoni aliyopokea kama muuzaji pawepo au pasiwepo, jina la bidhaa kando ya maoni ndilo litakalokuambia.

Kwa B sikuweza kusoma yote 3,000. Nilisoma 300 ya karibuni, nikakuta 60 ni ya lenzi, moja katika tano. Kwa makisio basi, kama 600 ya mwaka ule yalikuwa ya lenzi. Mabaya niliyachuja na kuyasoma yote 27, na kwa kweli robo saa ile ilinifaa kuliko namba zote nilizozipiga. Kumi na manne yalikuwa ya kuchelewa kufika, na nane kati ya hayo yaliangukia wiki tatu zinazofuatana, dalili kwamba msafirishaji alikwama kuliko kwamba muuzaji ni mzembe. Sita yalikuwa ya watu walioagiza lenzi isiyoingia kwenye kamera yao. Matatu yalikuwa ya kadi na betri. Yaliyobaki manne ndiyo yaliyonihusu: lenzi iliyofika katika hali tofauti na tangazo. Mmoja aliandika juu ya ukungu, mwingine juu ya mafuta kwenye majani ya kiwambo.

Manne kwa 600. Kipeuo cha pili ni 2, mara mbili 4, jumla 8, kwa hiyo kiwango cha juu ni kama 1.3 katika 100. Kwa lenzi, B alikuwa akijulikana vizuri kuliko A na C kwa umbali mkubwa, na hesabu yake ilikuwa nzuri.

Nikasoma pia majibu yake. Kwa watatu kati ya wale wanne aliandika hadharani kwamba arudishiwe lenzi kwa gharama yake, na mmoja wao alirudi kuthibitisha. Wa nne alibishana naye. Nililitazama bishano hilo kwa makini, kwa sababu mtu hujulikana zaidi anapokosea kuliko anapopatia. Hakutukana, hakutaja anwani ya mteja, alisema alipima lenzi kabla ya kuituma na akaeleza jinsi alivyoipima. Sijui nani alikuwa na haki, lakini niliona kwamba anajua lenzi hukaguliwa vipi.

Kulikuwa na kipimo kimoja zaidi ambacho nilikitamani. Chris Nosko na Steven Tadelis, waliotumia data ya eBay yenyewe, walipendekeza kugawanya maoni mazuri kwa mauzo yote badala ya kuyagawanya kwa maoni yote, ili kimya kihesabiwe. Kwa kipimo cha kawaida wauzaji walikuwa na wastani wa 99.3. Kwa kipimo hiki kipya wastani ulishuka mpaka kama 64, na wauzaji wakatawanyika, wengine juu na wengine chini, kama inavyotarajiwa kwa watu wa kweli. Zaidi ya hapo, kipimo hicho kilisaidia kutabiri kama mnunuzi angerudi kununua tena kwenye jukwaa au angepotea.

Jukwaa nililokuwa nalo lilionyesha mauzo ya mwaka. A aliuza vitu 1,600 na kupata mazuri 511, kama asilimia 32. B aliuza 5,000 na kupata 2,973, kama asilimia 59. Inavutia, lakini sikuiegemea sana. Mtu aliyenunua kitambaa cha kufutia hana sababu ya kurudi kuandika, hata kama amefurahi. Aliyenunua lenzi ana sababu. Kipimo cha kimya kina haki pale tu wauzaji wanapouza vitu vinavyofanana. Na kuna majukwaa ambayo mnunuzi akinyamaza kwa muda fulani, mfumo wenyewe humwandikia maoni mazuri. Huko kimya kimekwisha kugeuzwa kuwa sifa kabla hujafika, na hesabu hii haina maana. Utayatambua kwa urahisi: maelezo yaleyale neno kwa neno, mamia kwa mamia, bila jina la kitu wala tarehe ya kufika.

C nilimrudia mwisho. Maoni 38, na 31 kati yake yaliandikwa ndani ya siku sita, karibu yote ni neno moja, "nzuri". Sikuhitaji kuhitimisha kwamba ni ya kununuliwa. Ilitosha kwamba hakuna hata mmoja aliyetaja kioo, pete ya kulenga, wala jinsi kifurushi kilivyofungwa, vitu ambavyo mnunuzi halisi wa lenzi hawezi kujizuia kuvitaja.

Nilinunua kwa B, yule wa mwisho kwenye orodha. Lenzi ilikuwa safi ndani. Pete ya nje ilikuwa na mkwaruzo ambao tangazo halikuutaja. Nilimwandikia, akaomba radhi, akaniuliza kama nataka kurudisha au nipunguziwe, nami nikachagua kupunguziwa. Hakuniomba chochote juu ya maoni.

Safari hii niliandika. Nilichagua alama nzuri, kisha nikaweka maneno haya: "Vioo safi, hakuna ukungu, nimekagua kwa tochi. Pete ya nje ina mkwaruzo wa sentimita moja ambao haukuwa kwenye tangazo. Nilimjulisha, akanirudishia sehemu ya pesa siku hiyohiyo."

Kisha nikarudi kwenye ukurasa wa muuzaji wa kwanza, yule wa 99.8, kutafuta lenzi yangu yenye ukungu ili niandike. Muda wa kutoa maoni ulikuwa umepita kwa siku kumi na moja.